Kukodi sehemu ya kupaki au stoo ndani ya ua wa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, na hasa zile nyumba zetu za Dar es Salaam zenye geti moja, familia tano au sita ndani, tangi la maji kona moja na magari mawili matatu yanayogombea kivuli. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo msomaji wa huko asiyachukue yote kama yalivyo.

Mikataba ya namna hii nimeiona ya kutosha, mingine nikiwa mpangaji, mingine nikimsaidia mwenye nyumba kuiandika. Karibu yote ilikuwa na bei na tarehe. Michache sana ilisema ufunguo unashikwa na nani, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Sehemu ya kupaki tu, nayo inahitaji mkataba wa maandishi?

Sheria haikulazimishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inakubali upangaji mfupi, yaani wa mwaka mmoja au chini yake, ufanyike kwa mdomo. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kwa kuwa hukuandikiana huna haki yoyote.

Ila fikiria kinachotokea uani. Mlikubaliana na baba mwenye nyumba jioni moja, mkapeana mikono. Miezi minne baadaye yuko kijijini, mtoto wake ndiye anakusanya kodi, mlinzi amebadilishwa, na mpangaji mpya wa chumba cha mbele kanunua gari. Anaambiwa "paki popote". Wewe ukirudi usiku unakuta gari lake mahali pako, na hakuna hata mmoja kati ya waliopo aliyesikia mliyokubaliana. Karatasi ya ukurasa mmoja inamfaa huyo mtoto na huyo mlinzi kuliko hata inavyokufaa wewe.

Nikilipa, ninakuwa nimekodi nini hasa?

Swali hili lijibiwe kabla ya bei, maana kuna mambo matatu tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja la "kukodi".

La kwanza ni upangaji. Umepewa eneo linalojulikana, na ni lako peke yako kwa muda huo. Stoo yenye mlango, unayoifunga kwa kufuli lako, ni upangaji. Sehemu ya kupaki iliyopimwa na kuchorwa mstari, ambayo mwingine haruhusiwi kuiweka gari hata ukiwa safarini, nayo iko huku.

La pili ni ruhusa. Mwenye nyumba amekubali uingize gari uani na uliweke palipo na nafasi. Leo chini ya mwembe, kesho karibu na karo la kufulia. Hapa huna eneo, una kibali tu cha kuingia, na kibali ni rahisi kuondolewa. Bei yake inatakiwa iwe ndogo. Ukiona unalipa bei ya upangaji na unapewa ruhusa, zungumza na mwenye nyumba.

La tatu ni kuachiana mali. Unamkabidhi mlinzi au mwenye nyumba gari na ufunguo, yeye analisogeza anavyotaka, na asubuhi anakurudishia. Au unampa mama mwenye nyumba mizigo yako aiweke stoo kwake, ufunguo anao yeye. Hapo amepokea mali yako, na Sheria ya Mikataba inamtaka anayepokea mali ya mwingine kwa namna hiyo aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo.

Tofauti ya la kwanza na la tatu ni ufunguo. Anayeshika ufunguo ndiye anayeulizwa kwanza kitu kikipotea. Kwa hiyo sentensi hii iwemo kwenye kila mkataba, kwa namna moja au nyingine: "Ufunguo wa stoo anao mpangaji peke yake, mwenye nyumba hana nakala." Au kinyume chake: "Ufunguo wa akiba wa gari unakaa kwa mlinzi, kwa ajili ya kulisogeza tu, ndani ya geti tu."

Gari likiibwa au likivunjwa kioo ndani ya geti, nani analipa?

Wapangaji wengi wanaamini kwamba kwa kuwa kuna geti na mlinzi, mwenye nyumba analipa. Wenye nyumba wengi nao wanaamini kwamba kibao cha "hatuhusiki na upotevu wa mali" kinawaondoa kabisa. Imani zote mbili zinawaangusha watu.

Kama ulikodi nafasi, ukafunga gari lako na kuondoka na ufunguo, ulichokodi ni ardhi ya mita kadhaa. Ulinzi ni kitu kingine, na kama haukuandikwa itakuwa vigumu kuudai. Angalia pia mlinzi ameajiriwa na nani. Kwenye ua nyingi wapangaji wanachanga kila mwezi na kumlipa wenyewe, na mwenye nyumba hana mkono. Hapo ukimshitaki mwenye nyumba kwa uzembe wa mlinzi, atauliza tu: mlinzi huyo ni wa nani?

Lakini kama mlinzi alipokea ufunguo, akalisogeza gari, akaligonga kwenye nguzo ya tangi, jambo limebadilika. Kibao cha ukutani hakitoshi kumkinga aliyepokea mali yako mkononi kisha akaizembea, hasa kama kibao hicho hukuwahi kukubaliana nacho.

Ushauri wangu ni kuandika kazi ya mlinzi kwa vitendo, kwa sababu neno "usalama" kila mtu ana lake. "Geti linafungwa kwa kufuli saa nne usiku. Gari halitoki bila mwenyewe au mtu ambaye jina lake limeandikwa hapa." Sentensi hizo mbili unaweza kuthibitisha kama zilifuatwa au hazikufuatwa.

Halafu kuna bima. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hulipa madhara unayomsababishia mwingine. Gari lako likiibwa haikulipi kitu. Bima kubwa ndiyo inayobeba wizi na moto wa gari lako. Kama gari linalala kwenye ua wa watu na una bima ndogo tu, hatari ya wizi umeibeba mwenyewe, na mkataba wa kupaki hauwezi kuigeuza kuwa bima kubwa. Tukio likitokea, nenda polisi siku hiyo hiyo upate namba ya RB, kisha piga picha ya geti, kufuli na mahali gari lilipokuwa kabla watu hawajafagia.

Nitajuaje kama anayenipangisha ana haki ya kunipangisha?

Muulize anapangisha kama nani. Mwenye nyumba mwenyewe aonyeshe hati, leseni ya makazi au hati ya mauziano, na kitambulisho cha jina hilo hilo. Kama ni msimamizi wa nyumba, aonyeshe barua ya kumruhusu kukusanya kodi, au ampigie mwenye nyumba mzungumze watatu.

Nyumba ya urithi ina shida yake. Baba amefariki, watoto wanne kila mmoja anajiona mwenye ua. Mmoja anakupangishia stoo, mwingine anakuja kuvunja kufuli akisema hakushirikishwa. Anayeweza kusaini kwa niaba ya mirathi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hajateuliwa, angalau warithi wote wazima wasaini, na usilipe zaidi ya mwezi mmoja mmoja.

Mpangaji mwenzio pia anaweza kukuambia "nina nafasi ya gari siitumii, nipe elfu thelathini". Nafasi ni ya mwenye nyumba. Bila idhini yake ya maandishi, siku mpangaji huyo akihama nawe umehama.

Kwenye maghorofa yaliyogawanywa kwa Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, eneo la kupaki mara nyingi ni mali ya pamoja ya wenye sehemu zote. Mwenye fleti mmoja hawezi kukupangishia kipande chake cha mali ya pamoja kana kwamba ni sebule yake. Muombe akuonyeshe kama nafasi hiyo imeambatanishwa na fleti yake, kisha uliza uongozi wa jengo.

Vipimo vinahitajika kweli? Si tunaona kwa macho?

Macho yanadanganya kwa sababu mnaangalia mchana, wakati magari mengine yako kazini. Nenda saa tatu usiku, au Jumapili jioni, ua ukiwa umejaa. Nenda na gari lenyewe, liingize, geuza, fungua mlango wa dereva, toka, rudi, toa gari. Ukishindwa hilo usilipe.

Kwa gari dogo la familia, mita 5 kwa mita 2.5 zinatosha. Toyota IST ina upana wa karibu mita 1.7 na urefu usiofika mita 4, lakini mlango unahitaji nafasi ya kufunguka, ndiyo maana upana wa mita 2 ukutani haukutoshi. Noah ina upana ule ule ila ni ndefu zaidi, kama mita 4.6. Pima na geti: lenye mita 2.5 linaruhusu gari kupita, lakini kama barabara ya nje ni kichochoro hutapata pembe ya kukata kona.

Kwenye mkataba andika hivi: "Sehemu ya gari moja, upande wa kushoto ukiingia getini, kati ya ukuta na tangi la maji, urefu mita 5, upana mita 2.5." Chora na mstari wa rangi chini. Andika pia namba ya gari, na useme kama unaweza kubadilisha gari bila kuomba upya. Watu huanza na IST, mwaka unaofuata wana Coaster ya biashara, na ugomvi unaanza.

Tazama juu pia. Ua zetu zina minazi, na nazi ikiangukia kioo cha mbele hakibaki. Kama nafasi iko chini ya mnazi, andika nani anaita mkwezi na kila baada ya muda gani.

Magari yanapangwa kwa mstari, la nyuma linafungiwa. Tufanyeje?

Mambo mawili: saa ya kila mmoja kutoka asubuhi iandikwe, na anayetoka mwanzo apaki mwisho. Kama saa zinabadilika kila siku, basi ama ufunguo wa akiba ubaki kwa mlinzi (na hapo mkumbuke niliyosema juu ya kuachiana mali), ama kila mwenye gari akubali kupigiwa simu saa yoyote na kutoka ndani ya dakika kumi. Mwenye bajaji au teksi anayeingia saa saba usiku asipewe nafasi ya nyuma hata kama ndiyo iliyobaki. Ua mzima utaamka kila siku, na mwezi wa pili watamchukia yeye badala ya aliyempangisha.

Saa za geti nazo ziandikwe. Ukitaka kuingia wakati wowote, omba ufunguo wako wa geti dogo na wa kufuli kubwa.

Nikague nini kabla ya kuchukua stoo?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu stoo huonekana nzuri Januari na kuharibu mali Aprili. Pwani yetu ina masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ukikagua wakati wa jua unaangalia alama zilizoachwa na mvua iliyopita.

Anza chini. Angalia ukuta, sentimita 30 za mwanzo kutoka sakafuni. Unga mweupe kama chumvi, rangi iliyovimba au plasta inayomomonyoka ukiigusa kwa kidole maana yake unyevu unapanda kutoka ardhini. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta inanitia wasiwasi kuliko ukuta mchafu. Mstari wa kahawia unaozunguka chumba kwa kimo kimoja ni alama ya maji yaliyowahi kusimama humo, na kimo chake ndicho kimo cha mafuriko.

Kuna jaribio rahisi la sakafu. Chukua kipande cha nailoni nene, nusu mita kwa nusu mita, kitandaze sakafuni, bandika pande zote nne kwa selotepu, uache siku nzima na usiku wake. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au saruji imekuwa nyeusi pale tu, sakafu inapumua maji. Stoo hiyo inaweza kufaa kwa vyombo vya plastiki na vyuma vilivyopakwa rangi. Haifai kwa nguo, unga, godoro wala karatasi.

Kisha juu. Ingia, funga mlango, zima taa. Kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Hesabu matundu, piga picha, na mkubaliane yazibwe kabla ya kulipa. Angalia mbao za paa kama zina njia za udongo za mchwa. Kwenye kona tafuta vinyesi vya panya na karatasi zilizotafunwa.

Mwisho mlango. Bawaba ziko ndani au nje? Mlango wenye bawaba za nje zisizochomelewa hufunguliwa bila kugusa kufuli lako. Kizingiti kina kimo gani? Kama ua una mteremko unaoelekea mlangoni, tofali moja la kizingiti lina thamani kuliko ahadi yoyote ya mwenye nyumba.

Hata stoo ikiwa nzuri, panga mali juu ya chaga za mbao, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na uache nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta ili hewa ipite.

Ni vitu gani visiwekwe humo?

Petroli, mafuta ya taa, mitungi ya gesi na betri za magari zinazochajiwa visikae kwenye stoo iliyoshikana na vyumba vya kulala. Hili nalisema kwa uzito wote: kuna watoto upande wa pili wa ukuta ule. Dawa za kilimo nazo vivyo hivyo, harufu yake hupita darini. Vyakula vya gunia viruhusiwe kwa masharti, kwa kuwa vinaita panya wa ua mzima.

Mwenye nyumba ana haki ya kujua kwa ujumla stoo inawekwa nini, na ni vyema aombe orodha fupi iliyosainiwa pamoja na nakala ya kitambulisho. Polisi wakija kutafuta mali ya wizi, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Kuingia kukagua kuwe kwa taarifa ya siku moja na mpangaji akiwepo, isipokuwa kuna moto au maji yanamwagika.

Dhamana, dalali, umeme: kawaida ikoje?

Dar es Salaam dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Kwa stoo na kupaki jitahidi upate miezi mitatu, kwa sababu hujaiona nafasi hiyo ikipita mvua. Dhamana ya mwezi mmoja inatosha, na iandikwe itarudishwa lini. Umeme wa balbu moja usikuingize kwenye mgawanyo sawa wa LUKU na wenye mafriji. Mkubaliane kiasi kidogo kisichobadilika. Mchango wa taka na wa mlinzi utajwe kwa jina, ulipe au usilipe, ili asije mtu kukudai mlangoni.

Unaweza kutupa mfano wa jinsi mkataba unavyofanya kazi mambo yakiharibika?

Tuchukue mama anayeuza mitumba, anayekodi stoo ya mita 3 kwa mita 3 kwenye ua asikokaa. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Analipa miezi sita kuanzia tarehe 1 Februari, yaani 360,000, na dhamana ya 60,000. Jumla anayokabidhi ni 420,000, na risiti inatenganisha kodi na dhamana. Mkataba wao una vifungu vitatu vya maana: paa, kuta na mlango ni kazi ya mwenye nyumba, mpangaji ataweka mali juu ya chaga, na anayeona kasoro ataitoa taarifa kwa ujumbe wa simu wenye picha, na itarekebishwa ndani ya siku saba.

Tarehe 3 Aprili anaona tone linadondoka kutoka kwenye bati. Anapiga picha, anatuma. Mwenye nyumba anajibu, "Sawa mama, fundi atakuja." Fundi haji. Tarehe 14 mvua kubwa inanyesha usiku kucha. Asubuhi mabelo mawili yaliyo juu ya chaga yamelowa kutoka juu, na belo la tatu, ambalo kijana wake aliliacha sakafuni, limelowa kutoka chini kwa maji yaliyopita mlangoni.

Anachofanya vizuri ni kutoyagusa mpaka mwenye nyumba na mjumbe wafike, wakaona maji yalikotoka. Kisha anayafungua na kuyaanika, kwa sababu belo lililoachwa mvua linaoza na hasara inakua kwa uzembe wake mwenyewe. Risiti zinaonyesha kila belo alilinunua 450,000. Baada ya kukausha, kila moja linauzika kwa 300,000 tu. Hasara ni 150,000 kwa belo. Hawezi kudai 450,000 nzima wakati nguo anazo na ameziuza.

Mabelo mawili ya juu ni ya mwenye nyumba: aliarifiwa, siku saba zilipita, hakutengeneza. Hiyo ni 300,000. La tatu ni la mama mwenyewe, kwa kuwa alikubali kuweka mali juu ya chaga na hakufanya hivyo. Mwenye nyumba hana 300,000 taslimu, lakini ana stoo. 300,000 ni kodi ya miezi mitano. Wanaandika nyongeza ya mkataba: kodi ya Agosti hadi Desemba imelipwa kwa fidia, bati litazibwa ndani ya siku tatu, na wote wawili na mjumbe wanasaini. Hakuna aliyekwenda barazani, na sababu ni ule ujumbe wa tarehe 3 wenye picha. Bila huo, mwenye nyumba angesema hakujua, na pengine angekuwa anasema kweli.

Mpangaji halipi na gari lake limekaa juu ya mawe. Niuze?

Usiuze. Usilivute nje ya geti, na usibadilishe kufuli la stoo ukashikilia mali. Ukichukua mali ya mtu bila amri, deni lake kwako linageuka kesi yako. Mpe notisi ya maandishi yenye kiasi anachodaiwa na siku za kulipa, mpe na nakala mbele ya shahidi. Asipojibu, pata mwenyekiti wa mtaa mwandike hali ya mali ilivyo, kisha fungua shauri na kuomba amri ya kuondoa na kulipwa.

Wenye nyumba wajikinge mapema kwa nakala ya kadi ya gari na namba ya ndugu wa karibu wa mpangaji. Gari bovu mara nyingi lina ndugu aliye tayari kulichukua.

Upangaji usio na muda maalumu, unaolipwa mwezi kwa mwezi, unavunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Andikeni hivyo hivyo ili lisibaki la kubishaniwa.

Muhuri wa serikali ya mtaa unatosha?

Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba mlisaini mbele yake, na hilo lina faida kubwa. Ushuru wa stempu ni kitu kingine. Kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, unalipwa TRA ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Kwa stoo ya 60,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni 720,000 na ushuru ni 7,200. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake, na watu hugundua hilo siku ya shauri. Mpangaji anayekodi kwa ajili ya biashara pia akumbuke kodi ya zuio ya asilimia 10, anayoikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Mkubaliane kabla kama bei mliyotaja ni kabla au baada ya makato hayo.

Tukishindwa kuelewana twende wapi?

Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa kwanza, wanaijua nyumba. Kwa mgogoro wa upangaji wenyewe, Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha tu tangu mabadiliko ya mwaka 2021, na lina siku 30. Likishindwa linatoa uthibitisho, nawe unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama kinachodaiwa ni pesa tu zilizotokana na mkataba, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza.

Siku ya kuondoka tufanye nini?

Mkutane mchana, stoo ikiwa tupu na imefagiwa, au gari likiwa limetoka. Chukueni picha zile za siku ya kwanza mlinganishe. Doa la oili kwenye vitofali vya ua linasafishwa na aliyeliacha. Bati lililotoboka kwa kutu si lake. Funguo za geti zihesabiwe, na kama ilikuwepo nakala kwa mlinzi irudishwe pia. Dhamana ilipwe hapo hapo, kisha muandike chini ya mkataba: "Tumekabidhiana leo, hakuna anayemdai mwenzake," tarehe, saini mbili, na kila mmoja aondoke na nakala yake.